Kimya cha Mshauri: Mteja Anaposema Lisilosemeka

Hapa Dar es Salaam, ukitaja ushauri nasaha unaomweka mteja katikati mbele ya watu wanaoifanya kazi hiyo, utajibiwa upesi: hiyo ni njia ya Wazungu, mtu wetu akija anataka aambiwe cha kufanya. Hoja hiyo ina wafuasi wengi, na nadhani wameona jambo la kweli ila wameliwekea sababu isiyo yake. Walichokiona ni mshauri anayetikisa kichwa, anayesema "nakuelewa" kila baada ya sentensi na kumrudishia mteja maneno yake mwenyewe, hadi mteja anatoka akijiuliza nauli yake imekwenda wapi. Ushauri wa namna hiyo ungemchosha mtu wa Chicago kama unavyomchosha mtu wa Chanika.

Njia hii inajulikana kwa mambo matatu yanayotakiwa kwa mshauri: kuhisi pamoja na mteja, ukunjufu usio na masharti, na unyofu. Shida ninayoiona ni kwamba mawili ya kwanza hufundishwa kama adabu ya mdomoni, na la tatu hupitiwa haraka kana kwamba kila mtu anaujua unyofu tayari. Kwa maoni yangu la tatu ndilo linaloyabeba mengine. Nitajaribu kulionyesha hilo kwa mazungumzo mafupi, lakini kwanza tutazame njia hii ilitoka wapi.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeianzisha, alikuwa na ujuzi wa kutosha wa kuwaambia watu la kufanya. Kuanzia 1928 alifanya kazi kwa takriban miaka 12 mjini Rochester, jimbo la New York, na watoto walioletwa na mahakama na mashirika ya ustawi. Alisimulia baadaye habari za mama mmoja mwenye mtoto mtukutu. Rogers aliona chanzo ni mama kumkataa mwanawe tangu akiwa mdogo, akamwelekeza kwa upole aone hivyo, kikao baada ya kikao, wala hawakufika popote. Mwisho akamwambia kwamba wote wawili wamejitahidi na imeshindikana, afadhali waache. Mama akakubali, wakaagana, akaelekea mlangoni. Hapo akageuka akauliza kama huwa anawapokea watu wazima pia. Akarudi kukaa, akaanza kumwaga habari za ndoa yake iliyokuwa inamwua, mambo ambayo hayakuwa yametajwa hata kidogo katika yale maelezo nadhifu ya mwanzo. Rogers alijifunza kwamba mteja ndiye anayejua panapouma, na kwamba uhodari wake yeye ulikuwa umemzuia mama yule kupaonyesha.

Mwaka 1957 alichapisha makala iliyotaja masharti sita ambayo, kwa madai yake, yakikamilika mtu hubadilika. Watu wawili wawe wamegusana kimawazo. Mmoja wao, mteja, awe anaishi na mgongano kati ya anavyojiona na yale yanayompata kweli. Kisha yanakuja yale matatu ya mshauri tuliyoyataja. Sharti la sita hutajwa kwa nadra hata madarasani: mteja ayaone, walau kidogo, kwamba anakubaliwa na anaeleweka. Haitoshi mshauri kuwa na ukunjufu moyoni mwake, maana kama haujafika upande wa pili wa meza, kwa mteja haupo.

Sasa mazungumzo. Nimeyatunga mwenyewe, na hayamhusu mtu yeyote halisi. Tumwite mteja Neema, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anayeishi Mbagala kwenye chumba na sebule pamoja na wanawe wawili na mama yake aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Mshauri ni mama wa makamo, ndani ya chumba kidogo cha kituo cha afya. Hiki ni kikao cha pili.

Neema: Shikamoo mama.

Mshauri: Marahaba mwanangu. Karibu ukae.

Neema: Mama, sijui hata nianzie wapi. Watu wananiambia nina bahati, bado nina mama. Na kweli, nani kama mama. Lakini nimechoka.

Mshauri: Wanasema una bahati, na wewe unakubali. Halafu una uchovu ambao huna pa kuupeleka.

Neema: Sina. Ukisema umechoka, watu wanasikia umemchoka mama.

Mshauri: Wakati wewe hujasema hivyo.

Neema: Sijamchoka yeye… sijui. Usiku ndio mbaya. Namgeuza saa tano, saa nane, saa kumi na moja, asije akapata vidonda vya kulalia. Kila nikimgeuza analia, bega la ule upande uliopooza linamuuma. Kuongea hawezi vizuri, ananitazama tu. Asubuhi niwaandae watoto. Saluni nimeacha tangu mwaka jana. Kaka yangu yuko Mwanza, hela anatuma akijisikia. Akipiga simu ananiambia, "Mdogo wangu, baraka zote unazichukua wewe."

Mshauri: Hilo neno "baraka" umelitamka kwa uchungu.

Neema: Namchukia akisema hivyo! Aje azichukue yeye hizo baraka, walau wiki moja.

Mshauri: Una hasira naye. Anakupa neno zuri, kazi anakuachia.

Neema: Ndiyo. Halafu nikikata simu naona aibu. (Anashusha sauti.) Mama, kuna kitu sijamwambia mtu. Wiki iliyopita, ile saa nane, nilikuwa namgeuza, akalia, nikajikuta nasema moyoni: Mungu, si umchukue tu. Mchukue. Mama yangu mzazi, mimi nikasema hivyo.

(Mshauri ananyamaza. Neema anamtazama usoni, kisha anavuta mkoba wake magotini.)

Neema: Samahani mama, sikupaswa kusema. Ni shetani tu. Nitaomba toba.

Mshauri: Neema, nimenyamaza, na nadhani umeona kama nimekuhukumu. Acha nikuambie kilichonipata. Nimeshtuka kidogo, sikutegemea. Halafu nimekuona ile saa nane, uko peke yako na jambo zito namna hiyo, nikakosa neno. Sijakuona mtoto mbaya.

Neema: Kweli mama?

Mshauri: Kweli.

(Neema analia. Inapita kama dakika nzima.)

Neema: Analia kila nikimgeuza. Mimi ndiye ninayemuumiza. Kila usiku.

Mshauri: Mkono wako ndio unaomliza, na huohuo ndio unaomkinga na vidonda. Ulipoomba achukuliwe, ulitaka maumivu yake yaishe.

Neema: Yaishe, ndiyo. (Kimya.) Na yangu pia, mama. Nisikudanganye. Yangu pia.

Mshauri: Yake na yako.

Neema: Yote mawili. Hilo sijawahi kulisema.

Mshauri: Nataka nikuulize jambo waziwazi, kwa kuwa najali usalama wenu wote wawili. Umewahi kufikiria kumfanyia kitu mama, au kujifanyia wewe mwenyewe, ili iishe?

Neema: Hapana! Hapana mama, siwezi. Nilichotaka ni kulala. Usiku mmoja tu nilale mpaka asubuhi.

Mshauri: Usiku mmoja mzima.

Neema: Mama, wewe ni sawa na mama yangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mshauri: Unaniuliza kama mtu mzima aliyeona mengi, na sitaki kukukwepa. Kusema kweli sijui ningefanyaje, maana kaka yako simjui, na nyumba yenu usiku siijui. Ila nikikusikiliza kinanijia kitu kimoja: kaka anazijua baraka, hizo saa tano na saa nane sidhani kama anazijua. Huenda nimekosea.

Neema: Hazijui. Sijawahi kumwambia. Akipiga nasema "mama hajambo". (Anafikiri.) Hata mimi namwambia maneno mazuri tu.

Mshauri: Wewe unasema "hajambo", yeye anasema "baraka".

Neema: (Anacheka kidogo.) Kumbe tunadanganyana.

Nianze na jibu la kwanza la mshauri. Neema alisema amechoka. Mshauri aliyekariri somo angejibu, "Kwa hiyo unajisikia umechoka," Neema angesema "ndiyo", na wote wawili wangebaki wanatazamana. Mshauri wetu alisikia jambo ambalo Neema alilizunguka bila kulitamka, kwamba sifa anazopewa zimemfungia mlango wa kulalamika. Akalitamka kwa maneno machache, akamwachia Neema aseme kama ndivyo. Kuhisi pamoja na mtu ni kazi ya kukisia kwa uangalifu kisha kukubali kusahihishwa. Rogers mwenyewe alikerwa na namna njia yake ilivyogeuzwa kuwa ufundi wa kurudia hisia. Mwaka 1986, miezi michache kabla ya kufariki, aliandika kwamba yeye hajaribu kurudisha hisia za mteja, anachojaribu ni kuhakikisha kama ameelewa sawasawa. Kila jibu lake lilikuwa na swali ndani yake, hata pale lilipokosa alama ya kuuliza.

Ndiyo maana sehemu ninayoipenda zaidi katika mazungumzo haya ni pale mshauri alipokosea nusu. Alisema Neema alitaka maumivu ya mama yaishe. Lilikuwa jibu zuri, la kumpa heshima binti, na pengine lilikuwa zuri kupita kiasi, kwa sababu lilimwacha Neema akiwa mtoto mwema asiye na haja yake mwenyewe. Neema akalirekebisha: na yangu pia. Mteja anayeogopa hawezi kumsahihisha mama mtu mzima aliyemwamkia shikamoo dakika chache zilizopita. Alipomsahihisha ilijulikana kwamba hofu imepungua.

Sasa ule usiku wa saa nane. Rogers alieleza kwamba mtoto hujifunza mapema ni yepi kati ya anayoyahisi yatampatia upendo na yepi yatamnyima, na yale ya kumnyima huyasukuma nje ya picha anayojichorea. Hayo ndiyo masharti ya kujiona unafaa, na kwetu sharti la mama ni zito kuliko mengi. Ana radhi, na ana laana pia. Binti aliyelelewa hivyo akijikuta anaomba mama achukuliwe, hana mahali pa kuliweka ombi hilo ndani ya picha yake. Neema akalitoa nje kabisa, akasema ni shetani. Si unafiki, ni njia pekee aliyonayo ya kubaki mtoto mwema.

Hapo mshauri ana majibu matatu mepesi mdomoni, na kila moja linaziba njia. La kwanza ni "usiseme hivyo mwanangu, mama ni mama." Akilisema amejiunga na kaka wa Mwanza. La pili ni maombi ya papo hapo. Sina neno na maombi, Neema akiyataka ni haki yake, ila yakiwahi kabla hajasikilizwa yanathibitisha kwamba alichosema ni uchafu wa kuoshwa. La tatu linaonekana la kisasa zaidi, na wengi wetu tunalikimbilia: "usijali, kila anayeuguza huwaza hivyo." Ni kweli wengi huwaza hivyo. Lakini ukimwambia wakati ule, umemtuliza kabla hajafika kwenye lile la "yangu pia", naye atakushukuru na kwenda nalo nyumbani.

Mshauri wetu hakusema lolote kati ya hayo. Alinyamaza, na kimya chake kikaleta madhara. Hapa ndipo lile sharti la sita linapoonekana kwa macho. Ndani yake mshauri hakuwa na hukumu, lakini Neema hakuona kilichokuwa ndani yake. Aliona uso uliotulia ghafla, akausoma kama ambavyo angeusoma uso wa mama mkubwa yeyote pale Mbagala, akavuta mkoba. Tangu 1962 kuna dodoso la Godfrey Barrett-Lennard linalomwuliza mteja mwenyewe jinsi anavyouona uhusiano wake na mshauri, na tafiti zilizofuata zimeonyesha mara kwa mara kwamba makadirio ya mteja kuhusu kueleweka hubashiri matokeo ya ushauri vizuri kuliko makadirio ya mshauri kuhusu nafsi yake. Mshauri anayetoka chumbani akisema "leo nimemwelewa sana" ametoa ushahidi dhaifu.

Kilichookoa kikao kile ni unyofu. Mshauri aliuona mkoba ukisogea, akajua kimya chake kimesomwa vibaya, akasema kilichokuwa ndani yake pamoja na ile sehemu isiyompa sifa: nimeshtuka kidogo. Wengi wangeificha. Lakini Neema alikwisha kuuona mshtuko. Angeambiwa "hapana, hapana, endelea tu, nakusikiliza," angekuwa na ushahidi wa macho upande mmoja na maneno matamu upande wa pili, na hali hiyo ameizoea kwa kaka yake. Mshtuko ulipokubaliwa, ile sentensi iliyofuata, "sijakuona mtoto mbaya," ikapata uzito wa kuaminika. Ukunjufu ulifika kwa sababu ulisindikizwa na jambo lisilopendeza lakini la kweli.

Unyofu huo una mipaka yake, na wanafunzi huichanganya sana. Tuseme mshauri huyu aliwahi kumuuguza mama yake mwenyewe. Hakusimulia, na nadhani alifanya vyema, kwani simulizi yake ingekuwa kipimo kipya cha Neema kujipimia. Kuwa mnyofu maana yake usijidanganye kuhusu unachokihisi, na usimwonyeshe mteja sura isiyo yako. Cha kutamkwa ni kile tu kinachohusu uhusiano ulio pale chumbani, hasa kikiwa kimeshaanza kuuharibu. Je, kama mshauri angekuwa amemhukumu kweli? Hilo hutokea, sisi sote tumelelewa na radhi zilezile. Basi kazi hiyo aipeleke kwa msimamizi wake, aizungumze huko mpaka ajue ni kidonda gani chake kimeguswa, na kama hakiponi amkabidhi mteja kwa mwenzake. Ukunjufu wa kuigiza hauwezi kudumu saa nzima, jicho litasema.

Nirudi kwa wale wanaosema mtu wetu anataka kuambiwa. Neema aliuliza kabisa: ungekuwa wewe ungefanyaje? Na aliuliza kwa haki, akitumia uhusiano ambao salamu ilishaujenga. Mshauri anayejibu "wewe unaonaje?" amemvunjia heshima, tena amejificha, maana wote wawili wanajua kwamba ana maoni. Siamini kwamba njia hii inamtaka mshauri aivue umama wake mlangoni ili kuleta usawa. Anaweza kuitikia marahaba na kumwita mwanangu, bila kujivika ujuzi wa maisha ya mwenziwe asioujua. Mama yule alisema wazi asichokijua, akatoa alichonacho kama dhana, akamwachia Neema nafasi ya kuikataa. Jibu halikuwa ushauri wa kumpigia kaka simu. Kama angeshauri hivyo, Neema angerudi wiki inayofuata na sababu kumi za kwa nini imeshindikana. Badala yake Neema aligundua mwenyewe kwamba "mama hajambo" ni sehemu ya mtego, na mtu akishajua kwamba naye anashikilia ncha moja ya kamba, anaweza kuamua kuiachia.

Hata hivyo nisiipambe njia hii kupita uwezo wake. Mshauri aliuliza juu ya kudhuru au kujidhuru, tena moja kwa moja. Wapo wanaodhani swali la namna hiyo linavunja upole wa kikao. Naona kinyume chake: lilikuja baada ya Neema kuaminika, likamwonyesha kwamba hata neno zito halimtishi mshauri, na likaonyesha tofauti kati ya kutamani mateso yaishe na kupanga kuyamaliza. Angejibu ndiyo, au angejibu kwa kusitasita, kikao kingebadilika palepale kuwa cha usalama: nani yuko nyumbani, dawa zinakaa wapi, nani wa kupigiwa simu leo, na hospitali gani yenye huduma ya afya ya akili iliyo karibu.

Kisha kuna bega. Maumivu ya bega la upande uliopooza ni ya kawaida baada ya kiharusi, na mara nyingi huzidi mgonjwa anapogeuzwa au kuinuliwa kwa kuvutwa mkono. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha Neema kuushika mwili penye nyonga na nyuma ya bega, kuutegemeza mkono kwa mto, na kumlaza mama bila kumliza kila mara. Daktari anaweza kuliangalia suala la dawa ya maumivu. Wapo washauri wenye msimamo mkali watakaosema hayo si kazi yetu, tukae na hisia. Hapo naachana nao. Mshauri anayesikia "mimi ndiye ninayemuumiza kila usiku," akaielewa hisia hiyo kwa undani wote, kisha akamwacha mteja atoke bila kujua kwamba kuna mtu wa kumfundisha kugeuza, amemwelewa nusu. Asubiri tu lile la "yangu pia" litoke kwanza. Angeanza na bega, asingelisikia.

Pia kuna hali ambapo kusikilizwa hivi hakutoshi kwa muda mrefu. Utafiti mmoja wa Uingereza uliofanyika Sheffield na kuchapishwa 2021 uliwagawa watu 510 wenye sonona ya wastani au kali, wengine wakapata ushauri wa aina hii, wengine tiba ya utambuzi na tabia, ambayo humfundisha mtu kuyachunguza na kuyabadili mawazo na mazoea yake. Baada ya miezi 6 matokeo ya makundi mawili yalikaribiana. Kufikia miezi 12 waliopata tiba ya utambuzi na tabia walikuwa mbele. Sioni hilo kama sababu ya kuiacha njia hii, ila ni sababu ya kuendelea kumfuatilia mteja baada ya machozi kukauka. Neema akiacha kula, akikosa usingizi hata usiku ambao dada wa jirani amempokea zamu, au akianza kuongea kana kwamba maisha yake yamekwisha, apelekwe kwa daktari bila kungoja kikao kingine.

Mafunzo ndiyo yanayonipa wasiwasi zaidi. Mwanafunzi hupewa orodha: mtazame mteja machoni, inama kidogo mbele, rudia maneno yake. Anapimwa kwa hayo na anafaulu. Rogers na wenzake mapema miaka ya 1940, pale chuo kikuu cha jimbo la Ohio, walikuwa tayari wanarekodi vikao kwenye sahani za santuri kwa taabu kubwa, kwa kuwa kumbukumbu ya mshauri kuhusu kikao chake humpendelea mshauri. Leo simu ya mkononi inafanya kazi hiyo, mradi mteja ameridhia kwa maandishi, ameelezwa nani atasikiliza, na rekodi inafutwa baada ya usimamizi.

Msimamizi anapoisikiliza rekodi hiyo pamoja na mwanafunzi, napendekeza kila baada ya jibu la mshauri aisimamishe kwenye sentensi inayofuata ya mteja, kwa kuwa hukumu imo humo. Mteja akiongeza jambo jipya, kama Neema alivyotoka kwenye uchovu akaingia usiku, jibu lilimfikia. Akisema "hapana, siyo hivyo," au "na yangu pia," lilimfikia vilevile, hata kama lilikosea. Akirudia alichokwisha kusema kwa sauti ya juu zaidi, hakusikika. Na akisema "asante mama, nimekuelewa," kikao kikiwa kimefika dakika ya kumi na tano tu, warudi nyuma jibu moja au mawili watafute ni wapi alipovuta mkoba.